Begi la Dola 3 na Boksi Lake

Mfanyabiashara wa Kariakoo anayeagiza mabegi ya shule China huanza na swali la bei: begi moja dola ngapi? Kiwanda humjibu haraka, tuseme dola 3.20, naye huanza kukokotoa faida. Lakini bei hiyo haina maana mpaka ijulikane begi limeshonwa kwa kitambaa gani, yanatakiwa mabegi mangapi, na yataingia mangapi katika boksi moja. Mambo hayo matatu yote huamuliwa kabla hela ya kwanza haijatumwa, na asiyeyaamua yeye huamuliwa na kiwanda.

Tuanze na sampuli. Kiwanda kinaweza kukutumia begi lililokuwa limetundikwa ofisini, zuri, limeshonwa na fundi wao bora miezi mingi iliyopita. Begi hilo linakuonyesha wanachoweza kufanya, halikuonyeshi watakachokufanyia. Sampuli ya kuitegemea ni ile inayoshonwa baada ya kukubaliana kila kitu, kwa kitambaa chenyewe, zipu zenyewe na nembo yako. Kwa kawaida utailipia na utalipia pia kuisafirisha kwa ndege. Lipa tu. Viwanda vingi hurudisha gharama ya sampuli ukishaweka oda, ila lisemwe mapema na liandikwe.

Ikifika, itie madaftari ya kilo 6, itundike kwa mkanda mmoja usiku kucha, asubuhi uangalie pale mkanda unapoungana na mgongo wa begi. Hapo ndipo mabegi ya watoto hufia. Fungua na ufunge zipu mara nyingi ukiwa umelijaza, kwa sababu begi tupu halisumbui zipu yoyote. Halafu lipime kwenye mizani ya jikoni. Hatua hii wengi huiruka, na kwangu mimi ndiyo yenye thamani kuliko zote. Sampuli ikiwa na gramu 620 na mabegi ya oda yakawa na gramu 540, kuna kitu kimepunguzwa: kitambaa cha denia 600 kimebadilishwa kwa chepesi zaidi, sponji ya mgongoni imekuwa nyembamba, au bitana imeshushwa daraja. Kwa macho huwezi kuiona tofauti hiyo kwenye picha za simu, lakini mizani inaisema. Uzito huo uandikwe kwenye ankara ya awali pamoja na tofauti inayoruhusiwa, na sampuli ziwe mbili zinazofanana, moja ibaki kiwandani ikiwa na saini.

Kisha huja idadi. Kiwanda kinasema hakishoni chini ya mabegi 500 kwa kila rangi, wewe unataka 600 kwa rangi tatu. Wengi hudhani hayo ni maringo na huanza kubembeleza. Sababu yake hasa iko kwenye kitambaa. Anayepaka kitambaa rangi hawashi mashine kwa ajili ya mita 200. Ana kiasi chake cha chini, na kiwanda cha mabegi hakitaki kubaki na marobota ya zambarau yako ambayo hakuna mwingine atakayeyataka. Ukilijua hilo, unauliza kitu tofauti: ni rangi zipi za kitambaa hiki mnazo stoo sasa hivi? Ukichagua nyeusi, bluu ya bahari na nyekundu ambazo tayari zipo, kiwango cha 500 mara nyingi hushuka hadi 200, pengine kwa nyongeza ya senti chache kwa begi. Nembo yako ndiyo itakayoyatofautisha na ya jirani.

Sasa tufike kwenye boksi. Mizigo ya kuchanganya ndani ya kontena moja hutozwa kwa ujazo, ambao wafanyabiashara wetu huuita sibiemu: mita moja urefu, mita moja upana, mita moja kimo. Begi la shule ni jepesi lakini linakula nafasi. Chukua boksi la sentimita 60 kwa 50 kwa 50, ambalo ni sibiemu 0.15. Kiwanda kikipanga mabegi 30 humo, yamelazwa na kuingizana vizuri, mabegi 600 yanakuwa maboksi 20, sawa na sibiemu 3. Kikipanga 20 tu, kila begi limejazwa karatasi ili livimbe na kupendeza, yanakuwa maboksi 30 na sibiemu 4.5. Tuseme kampuni ya mizigo inatoza dola 350 kwa sibiemu, ushuru ukiwa ndani. Upangaji wa kwanza unakugharimu dola 1,050, wa pili dola 1,575. Ukikomaa na bei ya begi hadi wakupunguzie senti 20, umeokoa dola 120. Upangaji wa boksi peke yake umeokoa 525.

Idadi ya mabegi kwa boksi na vipimo vya boksi viandikwe kwenye oda, na omba boksi gumu. Boksi laini huvimba katikati, na ghalani hupimwa pale palipovimba.

Kampuni ya kusafirisha ichaguliwe kabla ya kulipa kiwanda, kwa kuwa ghala lake linabadilisha bei ya kiwanda. Chukua kiwanda kilichoko Baigou, mji wa mabegi katika jimbo la Hebei, kaskazini mwa China. Ghala la kampuni yako likiwa Guangzhou, ni karibu kilomita 2,000 kwa lori. Kama ankara imeandikwa EXW, safari hiyo ni juu yako. Na kiwanda kikijitolea kukupangia meli wenyewe hadi Dar es Salaam kwa bei ya kutupa, uliza kwanza gharama za upande wa bandarini, maana mara nyingi punguzo hulipwa huko, mzigo ukiwa umeshafika na huna pa kwenda.

Iulize kampuni: bei hii ina ushuru na VAT ndani? Mzigo unatangazwa forodhani kwa jina la nani? Kontena la kuchanganya likitangazwa kwa jina la kampuni, ni rahisi na haraka, lakini hutakuwa na nyaraka za forodha zenye jina lako, na mzigo haramu wa mtu mmoja unaweza kulizuia kontena zima pamoja na mabegi yako. Mwenye duka lililosajiliwa VAT atalihisi hilo siku ya kudai kodi aliyolipa. Uliza pia TBS wanataka nini kwa bidhaa yako, na boksi likipotea wanalipa thamani yake au kiasi walichojiwekea wao. Mzigo ukipokelewa ghalani, dai risiti yenye idadi ya maboksi na vipimo, uilinganishe na vya kiwanda siku hiyo hiyo, wakati maboksi bado yanaweza kupimwa tena. Kila boksi liwe na alama yako, siyo moja tu la juu.

Malipo mara nyingi huwa asilimia 30 mwanzo na 70 kabla mzigo haujatoka. Hiyo 70 ndiyo nguvu yako pekee, kwa hiyo ukaguzi ufanyike kabla yake, mabegi yakiwa yameshashonwa yote na mengi yameshafungwa. Mkaguzi afungue maboksi anayoyachagua yeye, akiwa na mizani na sampuli yenye saini.

Hesabu ya siku nayo ifanywe kwa kurudi nyuma. Shule zetu hufunguliwa Januari, na duka linatakiwa liwe limejaa kufikia Novemba. Toa mwezi mmoja na zaidi wa baharini, toa siku za kusubiri kontena lijae na za kutoa mzigo bandarini, toa mwezi au mwezi na nusu wa kushona: malipo ya kwanza yanaangukia Julai, na mazungumzo ya sampuli Mei.