Bwana Afya na Gogo la Bucha

Ndugu msikilizaji, wiki iliyopita jirani yangu mwenye bucha alinijia na barua mkononi, uso umemkunjamana. "Mwalimu, nisomee. Huyu Bwana Afya ananionea," alisema.

Nikaisoma. Bwana Afya alitaja kasoro tatu na kutoa siku 14 za kuzirekebisha, ama sivyo bucha lifungwe.

Kasoro ya kwanza: gogo la kukatia nyama limepasuka. Jirani alilalamika kwamba analisugua kila jioni. Tukaenda kulitazama. Kwa juu lilikuwa safi kweli. Nilipochokonoa ufa kwa ncha ya kisu, yalitoka mafuta meupe yenye harufu ya uvundo. Hapo alinyamaza. Brashi haifiki ndani ya ufa, wala chumvi anayoimwaga usiku haifiki. Vijidudu hukaa humo na unyevu na mabaki ya nyama, na asubuhi kila pigo la shoka huvirudisha juu. Barua iliagiza gogo lirandwe mpaka mbao mpya ionekane; na kama ufa umezama, gogo litupwe. Kisha kila jioni likwanguliwe, lisuguliwe kwa maji moto na sabuni, liachwe wazi likauke. Jirani alikuwa akilifunika kwa gunia bichi, kumbe analea alichokuwa akikifukuza.

Kasoro ya pili: utumbo umewekwa meza moja na steki, na kisu ni kimoja. Matumbo ya ng'ombe, hata mwenye afya, hubeba vijidudu vya kuharisha. Dawa yake ni sinia la peke yake na kisu cha peke yake.

Kasoro ya tatu: kitambaa kimoja kinapangusa kisu, meza na mikono iliyopokea noti. Kitambaa hicho hakisafishi, kinagawa uchafu. Aliagizwa aweke ndoo ya bomba yenye maji safi, na sabuni, na pesa zipokewe na mtu mwingine.

"Lakini si watu wanaipika?" jirani akauliza. Ni kweli, nyama ikiiva vizuri vijidudu vingi hufa. Lakini mama nyumbani huikata ikiwa mbichi, kisha kwa kisu hichohicho na ubao huohuo akakata nyanya za kachumbari. Kachumbari haipikwi. Mtoto akiharisha usiku, nani atalikumbuka gogo la bucha?

Jirani alipiga hesabu. Kisu, sinia na ndoo angevinunua siku ileile. Gogo ndilo lililomuuma, maana bei yake si ndogo. Fundi alilirandia vidole viwili, ufa ukabaki. Jana nimelikuta limelala nyuma ya bucha, linapasuliwa kuni.

Nawe, ndugu yangu, ukienda kununua nyama, kabla ya kuuliza bei, litazame gogo.