Simu kwenye darubini: dawa ya mwezi unaotoka mweupe pee

Anayeiweka simu kwenye darubini kwa mara ya kwanza huambulia picha za aina mbili: giza tupu ambamo mwezi huchungulia na kupotea, au duara linalowaka kama taa ya barabarani, lisilo na shimo hata moja. La kwanza linatokana na mahali simu ilipokaa. La pili ni kamera kujipimia mwanga yenyewe. Yote mawili yana dawa, na wala hayahitaji simu ya bei mbaya.

Tuchukue darubini ndogo ya kawaida: lenzi ya mbele ina upana wa milimita 70, urefu wa fokasi ni milimita 700, na lenzi za jicho ni mbili, ya milimita 25 na ya milimita 10. Wengi hukimbilia ya 10 kwa kuwa inakuza mara 70, wakati ya 25 inakuza mara 28 tu. Kwa kazi ya simu, anza na ya 25. Mwanga unaotoka kwenye lenzi ya jicho hujikusanya katika kiduara kidogo kinachoelea hewani, na lenzi ya simu inatakiwa ikae papo hapo. Kwa lenzi ya 25, kiduara hicho kina upana wa milimita 2.5 na kimeachana na kioo kwa nafasi ya kutosha. Kwa ya 10 kina milimita 1 tu, tena kiko karibu mno na kioo, kiasi kwamba simu ikisogea kidogo tu umekikosa.

Kiduara hicho unaweza kukiona kwa macho. Mchana, elekeza darubini kwenye mawingu meupe, mbali kabisa na jua, kisha shika karatasi nyeupe nyuma ya lenzi ya jicho. Isogeze mbele na nyuma taratibu. Doa la mwanga litanywea hadi liwe dogo na lenye ukingo mkali, kisha lianze kutanuka tena. Pale lilipokuwa dogo ndipo pa kamera, na kwa kuwa lenzi ya simu imejificha ndani kidogo, simu yenyewe huingia karibu zaidi ya karatasi.

Fanya marekebisho yote ya kishikizo cha simu katika mwanga huohuo wa mchana, ukilenga mnara wa mbali au kilele cha mnazi. Kuhangaika na skrubu gizani ni kujitesa. Kioo cha simu kitakueleza tatizo lilipo. Ukiona kivuli chenye umbo la hilali upande mmoja, simu imekwenda pembeni. Giza likibana kote kuzunguka, umbali ndio mbaya. Upande mmoja ukiwa mkali na mwingine umefifia, simu imeinama. Kwenye simu yenye kamera kadhaa, funika moja moja kwa kidole ujue ni ipi inayofanya kazi, kwani baadhi hurukia kamera nyingine zenyewe zinapohisi kitu kiko karibu.

Usiku mzuri ni wa mwezi nusu, siku ya saba au ya nane tangu uandame, kwa sababu jua hulipiga bonde na ukuta wa shimo kwa ubavu na vivuli huwa virefu. Magharibi inapoingia, kwetu huku karibu na ikweta mwezi huo huwa juu sana angani. Kwa darubini yenye kioo cha kukunja mwanga, hapo simu husimama karibu wima nyuma ya lenzi na uzito wake huivuta chini, kwa hiyo kaza kishikizo vizuri.

Sasa mwanga. Kamera ikiona weusi mwingi hudhani picha nzima ni ya giza, ikazidisha mwanga hadi mwezi ukaungua. Gusa mwezi kwenye kioo na ushikilie mpaka fokasi na mwanga vifungwe, kisha telezesha kidole kushusha mwanga hadi mashimo yajitokeze. Kwenye modi ya Pro, anza na ISO 100 na shata ya 1/500. Ukihamia lenzi ya 10 mwanga hupungua mara sita hivi, kwa hiyo shuka hadi 1/80. Pima kwa shimo la Ptolemaeus, lenye upana wa kilomita 150 hivi, karibu na mpaka wa mwanga na giza: sakafu yake ikiwa nyeupe tupu, bado umezidisha. Tumia kipima muda cha sekunde 3, kwani kugusa simu tu kunaitikisa darubini nzima.

Ukiihamishia simu kwenye hadubini, kosa hilo la mwanga hugeuka kinyume. Slaidi ya damu ina uwanja mweupe, kamera huuona umezidi ikaupunguza, na picha ikatoka ya kijivu. Hapo unapandisha mwanga badala ya kuushusha. Mistari myeusi ikipita kwenye kioo, mara nyingi ni taa ya hadubini inayopepesa. Iwashe hadi mwisho, au jaribu shata ya 1/100.

Kabla ya kulinganisha picha yako na ramani ya mwezi, kumbuka kwamba kioo cha kukunja mwanga hugeuza kushoto kuwa kulia. Igeuze kwanza kwenye simu, la sivyo utalitafuta Ptolemaeus upande usiokuwamo.