Je, Wajua? Bati Lile Lile, Mashairi Mawili

Kutunga shairi moja mara mbili, kwanza kwa watoto kisha kwa watu wazima, ni ufundi wenye maajabu yake. Tuuone ukifanya kazi kwenye beti mbili nilizozitunga kwa ajili ya ukurasa huu. Zote zinahusu jambo moja: bati linalovuja na sufuria iliyowekwa chini yake kukinga maji.

Ubeti wa watoto ni huu:

Ndo! Ndo! Bati lina ngoma,
Ndo! Ndo! Sikiliza, mama,
Sufuria inavuma,
Ndo! Ndo! Tucheze, simama!

Na huu ni wa watu wazima:

Bati lavuja usiku, sufuria inavuma,
Watoto wana shauku, wakicheza nasimama,
Nina deni, dukuduku, kila tone lanichoma,
Ngoma haichezwi huku, hulia moyo wa mama.

Maneno 7 kati ya 9 hayakutupwa

Ukiondoa mlio wa "ndo", ubeti wa watoto umebaki na maneno 9 tu. Matano kati yake, yaani bati, ngoma, mama, sufuria na inavuma, yamehamia kwa watu wazima bila kuguswa hata herufi. Mawili, kucheza na kusimama, yamebadilisha viambishi tu. Yaliyoachwa njiani ni "lina" na "sikiliza" basi! Wengi hudhani kumwandikia mtu mzima ni kutafuta msamiati mgumu. Kumbe sufuria ni ile ile, ila kwa mtoto inavuma raha, na kwa mama yake inavuma usingizi uliokatika.

Anayesema amebadilika, na shairi zima likageuka

Katika ubeti wa kwanza mtoto ndiye anayesema, na vitenzi vyake vingi vinamtaka mtu afanye jambo: sikiliza, tucheze, simama. Katika ubeti wa pili mama ndiye anayesema, na hamwamrishi mtu yeyote. Mtoto alimwambia "simama" ili wacheze. Mama anajibu "nasimama", lakini amesimama kwa sababu hana pa kulala pakavu. Kitenzi kimoja kimevuka kutoka mdomo mmoja hadi mwingine na kubeba mzigo mpya. Ndiyo maana mtunzi anayeandika upya huanza kwa kuuliza ni nani anayezungumza, kabla hajagusa msamiati.

Hakuna ubeti uliotaja mvua

Rudi uangalie! Mtoto hahitaji kuambiwa kwamba mvua inanyesha, kwa kuwa "ndo" imejirudia mara 6 na sikio lake limekwisha elewa. Tanakali hiyo peke yake imechukua mizani 6 kati ya 32 za ubeti mzima. Kwa watu wazima tanakali imetoweka, na badala yake limeingia neno "tone". Mtoto analisikia tone, mama analihesabu. Hapo taswira imehama kutoka sikioni hadi moyoni, na kitenzi "lanichoma" kinaweza kukaa. Mtoto mdogo angeuliza maji yanachomaje, na swali lake lingekuwa la haki kabisa.

Mizani imeongezeka maradufu: kutoka 32 hadi 64

Mshororo wa watoto una mizani 8. Wa watu wazima una 16, yaani 8 za ukwapi na 8 za utao, na kina cha kati "ku" kimejitokeza kando ya kina cha mwisho "ma". Nafasi hiyo mpya ndiyo inayowezesha mawazo mawili kugongana ndani ya mshororo mmoja: upande huu watoto wana shauku, upande wa pili mama amesimama. Mshororo mfupi hubeba jambo moja, nalo linamtosha mtoto anayepiga makofi huku akiimba.

Lakini mizani 8 hazifanyi shairi kuwa la kitoto

Utendi wa Mwana Kupona ulitungwa mwaka 1858. Mwana Kupona binti Msham aliutunga kwa ajili ya binti yake, na kila kipande chake kina mizani 8, sawa na ubeti wetu wa "ndo". Hata hivyo una wosia mzito wa dini, adabu na maisha ya ndoa, na watu wazima wanausoma hadi leo. Urefu wa mshororo husaidia pumzi ya mtoto, lakini umri wa shairi huamuliwa na yaliyobebwa ndani yake.

Makofi hugundua kosa kabla ya jicho

Tuseme mtunzi ameandika "Ndo! Ndo! Bati linapiga ngoma." Maana ni nzuri na jicho limeridhika, ila mizani zimekuwa 10. Waambie watoto wapige kofi moja kwa kila mizani: mshororo unaofuata una makofi 8, kwa hiyo wanaofuata mapigo watakwama hapo hapo. Toleo la watu wazima linaweza kupata kosa jingine, nalo makofi hayalioni. Weka "nina shida" mahali pa "nina deni". Mizani ni zile zile na vina havijaguswa, lakini ubeti umelegea kama kamba iliyofunguliwa. Shida ni jina la jumla. Deni lina mdai, lina kiasi na lina siku ya kulipwa, na msomaji huanza mara moja kufikiri huenda ni deni la bati lenyewe.

Mshairi wa London alitunga mara mbili hivi zaidi ya miaka 200 iliyopita

William Blake alichapa kitabu cha nyimbo za utoto usio na hila mwaka 1789, na shairi lake la kufungulia linasema zimeandikwa ili watoto wazisikie na kufurahi. Mwaka 1794 akaongeza nyimbo za waliokwisha ionja dunia, na baadhi zikachukua vichwa vile vile vya awali. Watoto waliofagia masizi kwenye mabomba ya moshi wamo kotekote. Katika shairi la kwanza, mmoja wao anaota malaika akiwafungulia wenzake kwa ufunguo unaong'aa. Katika la pili, mtoto mweusi kwa masizi yuko peke yake kwenye theluji, na wazazi wake wamekwenda kanisani kusali. Kazi ni ile ile na masizi ni yale yale. Kilichoondoka ni ndoto, na mahali pake wameingia watu wazima wanaopaswa kuulizwa.

Toleo la pili hubadilisha la kwanza bila kuligusa

Usome tena ubeti wa "ndo" sasa, baada ya kumsikia mama. Hakuna herufi iliyobadilika, lakini "Tucheze, simama!" haiwezi tena kuwa mwaliko mtupu, kwa sababu unajua mwenye kuitwa ana deni. Ndiyo faida ya kuanza na watoto: furaha yao ikitangulia, msomaji mzima anajua hasa mama anawalindia nini wanawe anaponyamaza. Ukianza na huzuni ya mama, mtoto anayekuja baadaye ataonekana hajali, na hilo si kweli. Yeye amesikia ngoma, na ngoma ipo.