Cherehani Inaruka, Mshono Unavuta: Soma Kosa Kwenye Picha

Picha za mishono iliyoharibika hufanana. Kitambaa kimelazwa mezani, taa ya dari inawaka, upande wa juu peke yake ndio unaoonekana, na chini yake kuna ujumbe mfupi: "Fundi, cherehani inasumbua." Kwa picha ya namna hiyo, hata fundi mzoefu atabahatisha. Mshono hufungwa na nyuzi mbili, na nusu ya habari iko upande wa pili wa kitambaa.

Kabla ya kupiga picha, shona kipande kipya cha majaribio kwa nyuzi za rangi mbili, nyekundu juu na nyeupe kwenye bobini. Tumia kitambaa kilekile kilichosumbua, tabaka mbili, urefu kama wa kiganja. Piga picha ya juu, kisha ya chini, halafu moja ya mwisho wa mshono. Kaa karibu na dirisha ili mwanga upige kutoka ubavuni, kwa sababu mwanga unaotoka juu huficha mikunjo midogo. Laza rula kando ya mshono ili urefu wa stichi upimike.

Tuanze na kuruka. Sindano ikifika chini kabisa huanza kupanda. Ikishapanda kama milimita mbili, uzi ulio karibu na tundu lake hulegea na kufanya kitanzi kidogo. Ncha ya ndoano inayozunguka hupita hapo kwa wakati huohuo, hukidaka kitanzi na kukizungusha kwenye bobini. Hivyo ndivyo stichi inavyofungika. Kitanzi kisipofanyika, au kikifanyika mbali na ndoano, sindano hupanda na uzi wake bila kufunga kitu.

Ukiikuza picha, utaona stichi moja yenye urefu wa mbili, na katikati yake kitobo cha sindano kisichofungwa uzi. Kitobo hicho ni ushahidi kwamba sindano ilipita ila kitanzi hakikudakwa. Usipoona kitobo, huenda cherehani haikuruka kabisa, bali kitambaa kilivutwa kwa mkono na stichi ikarefuka.

Sasa tazama ni wapi iliporuka. Ikiwa mshono ni mzuri kote, isipokuwa pale pindo la suruali ya jinzi linapovuka mshono wa ubavuni, tatizo ni ule unene. Mguu wa cherehani ukipanda kilima hicho huinama, haukibani tena kitambaa vizuri, na kitambaa hunyanyuka pamoja na sindano. Uzi haupati nafasi ya kulegea. Weka kipande cha kitambaa kilichokunjwa nyuma ya mguu ili ukae sawa, shona polepole, na tumia sindano namba 16 badala ya nyembamba inayopinda.

Kama inaruka hovyo kwenye fulana tu, na kwenye kitenge inashona vizuri, cherehani haina kosa. Kitambaa kinachovutika huing'ang'ania sindano ya kawaida na kupanda nayo. Kinahitaji sindano ya vitambaa vya kuvutika, ambayo ncha yake ni ya mviringo na hupita kati ya nyuzi bila kuzichoma.

Ikiwa inaruka kila mahali na kwenye kila kitambaa, toa sindano. Ilaze juu ya kioo, upande wake bapa ukiwa chini. Ikiwa imepinda utaona mwanga usiolingana chini yake. Unapoirudisha, isukume juu mpaka igote, na ule mfereji wake mrefu utazame upande unakoingilia uzi. Sindano iliyoshuka hata milimita moja hupeleka kitanzi mahali ambapo ndoano haifiki.

Mshono unaovuta una mambo mengine. Hapa stichi zote zipo, ila kitambaa kimejikusanya na kufanya mawimbi. Tuchukue gauni la satini ya polista, rangi ya samawati, mshono mrefu wa ubavuni. Picha ya juu inaonyesha mawimbi madogo kwenye tabaka zote mbili, na vidoti vyeupe katika kila kitobo. Vidoti hivyo ni uzi wa bobini uliovutwa mpaka juu. Uzi mwekundu nao umenyooka kama waya. Hii inaelekeza kwenye mkazo wa juu kuzidi, kwa hiyo hatua ya kwanza ni kulegeza kikaza uzi kidogo na kushona kipande kingine.

Katika kipande cha pili vidoti vimetoweka, nyuzi zinakutana katikati ya kitambaa kama inavyotakiwa, lakini mawimbi yamebaki. Wengi huendelea kulegeza hapo, na matokeo yake ni mshono unaofumuka. Afadhali uchukue wembe, ukate uzi wa juu na wa chini kila baada ya stichi chache, bila kugusa kitambaa na bila kuzitoa nyuzi, kisha upige picha tena. Kitambaa kikitulia, nyuzi bado zimekaza. Kikibaki na mawimbi, nyuzi zenyewe ndizo zilizojaza nafasi.

Kwa satini hii mawimbi yamebaki. Kitambaa kimefumwa kwa kubanana mno, na sindano namba 16 yenye uzi mnene imeingiza kitu pasipo na nafasi. Nyuzi za kitambaa zimesukumwa pembeni, na kwa kuwa haziwezi kusogea zaidi, zimenyanyuka. Hakuna mkazo utakaoponya hali hiyo. Dawa ni sindano namba 11, uzi mwembamba, na stichi ya milimita tatu badala ya mbili, ili vitobo na uzi vipungue. Mawimbi yakibaki kidogo, tazama jinsi gauni lilivyokatwa: mshono unaofuata urefu wa jora huvuta zaidi kuliko ule unaokata mshazari.

Picha ya mwisho wa mshono inafichua kosa la tatu. Ikiwa tabaka mbili zilianza sawa, lakini mwishoni la juu limezidi la chini, na mawimbi yako chini tu huku juu pametulia, tabaka hazikusafiri pamoja. Meno ya cherehani yalivuta la chini, mguu ukazuia la juu. Punguza mbano wa mguu, kisha bana tabaka zote mbili kwa vidole mbele na nyuma ya sindano wakati wa kushona, bila kuvuta.

Katika yote haya badilisha kitu kimoja kwa kila kipande, na uandike juu ya kitambaa kwa kalamu: namba ya sindano, urefu wa stichi, mahali kikaza uzi kiliposimama. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja mshono ukapona, hutajua kilichouponya, na kitambaa kingine kikivuta utaanza upya.

Lipo jambo ambalo picha ya mshono haiwezi kuonyesha, nalo ni wakati wa ndoano na sindano kukutana. Ikiwa umeweka sindano mpya ya namba sahihi, imegota juu, uzi umepita njia yake yote, na bado cherehani inaruka hata kwenye pamba nyepesi, acha kugusa kikaza uzi. Mpelekee fundi wa mashine vipande vyako vilivyoandikwa pamoja na ile sindano. Aanzie kwenye ndoano, kwa kuwa mengine umeshayamaliza.