Mnepo wa Boriti Hubadilishana Nafasi na Mzigo

Chukua kipande cha chuma bapa, upana milimita 50 na unene milimita 10, kilaze ubapa. Kibane upande mmoja kwenye jiliwa imara, urefu wa mita 1 ubaki hewani. Ukining'iniza mzigo wa nyutoni 20, yaani kama kilo 2, kwenye ncha, ncha itanepa milimita 8 na katikati milimita 2.5. Sasa uhamishe mzigo huo katikati. Pale ulipo, chuma kitanepa milimita 1 tu. Lakini ncha, isiyobeba kitu, itashuka milimita 2.5.

Mizigo miwili katika sehemu mbili tofauti kabisa, na namba ni ileile. James Clerk Maxwell alilieleza jambo hili mwaka 1864 akichambua miundo ya fremu, na mwaka 1872 Mwitaliano Enrico Betti akalipanua.

Sababu yake imo katika kazi inayofanywa na mizigo. Tundika mzigo wa ncha polepole: kwa kuwa nguvu inapanda kutoka sifuri, kazi yake ni nusu ya 20 mara 8, yaani 80. Kisha tundika mwingine katikati: nusu ya 20 mara 1, yaani 10. Ila wakati huo mzigo wa ncha, ambao tayari una uzito wake wote, unashushwa zaidi, na hapo unafanya kazi ya 20 mara mshuko huo. Ukianza na mzigo wa katikati, 10 na 80 zinabaki vilevile. Kinachobadilika ni kwamba safari hii mzigo wa katikati ndio unaoshushwa na ule wa ncha. Mwishoni chuma kimejipinda sawasawa katika njia zote mbili, kwa hiyo kimehifadhi nishati ileile. Basi mishuko hiyo miwili lazima ilingane. Ni 2.5 kila mmoja, na jumla ni nyutoni-milimita 140.

Angalia kwamba hatukuuliza umbo la boriti popote. Ingekuwa nene huku na nyembamba kule, hoja ingesimama.

Faida yake kwa mpimaji ni kubwa. Akitaka kujua ncha inanepa kiasi gani mzigo unapopita kila sehemu, hana haja ya kuuhamisha. Autundike kwenye ncha mara moja, kisha asogeze geji kando ya boriti. Kila kipimo ni mnepo wa ncha kama mzigo ungekuwa pale.

Mizigo ikitofautiana, linganisha mnepo kwa kila nyutoni: 40 katikati zitashusha ncha milimita 5. Vipimo viwili vikikataa kulingana, ondoa mzigo utazame geji. Isiporudi sifuri, ama chuma kimepindika moja kwa moja, ama kimeteleza ndani ya jiliwa, na hili la pili ndilo la kukagua kwanza.