Umeme wa Jua wa Zahanati: Tukague Hesabu Kabla ya Kulipa

Bonde letu la Kilombero limezungukwa na maji yanayotoa umeme. Bwawa la Kidatu lilianza kazi mwaka 1975, na Kihansi ikafuata mwaka 2000. Hata hivyo zahanati zilizo mbali na nguzo bado hutegemea jua, na zile zenye nguzo hukatikiwa umeme, hasa wakati wa masika. Mama hawezi kungoja kujifungua mpaka umeme urudi. Ndiyo maana sisi wauguzi tunaomba kila kamati ya zahanati, na kila familia inayochanga, ijue kusoma pendekezo la fundi kabla ya kutoa fedha.

Pendekezo zuri lina mambo manne: wati za vyombo, saa za matumizi kwa siku, ukubwa wa betri, na jumla ya gharama. Mambo haya ni kama mafiga. Moja likipungua, chungu huinama. Tuchukue mfano mmoja na kuufuata hatua kwa hatua. Bei tulizoweka ni za mfano tu.

Hatua ya kwanza: wati na saa

Zahanati yetu ya mfano ina taa 6 za wati 9, zinazowaka saa 5 kwa usiku. Taa ya chumba cha kujifungulia ni ya wati 15, nayo huwaka saa 12. Simu 4 huchajiwa kwa wati 5 kila moja, saa 3. Mashine ya kufyonza makamasi ya mtoto mchanga ni ya wati 90, nasi tunaihesabia saa 1 kwa siku.

Tukijumlisha wati zote tunapata 179. Fundi wetu ameandika: "Matumizi ni wati 179, kwa hiyo paneli za wati 200 zinatosha." Hapo ndipo wengi hupotea. Wati ni nguvu ya chombo kwa wakati mmoja tu. Kinachomaliza betri ni wati mara saa, yaani wati-saa. Taa ndogo inayowaka usiku kucha hula zaidi ya mashine kubwa inayotumika kwa muda mfupi. Tuhesabu basi: taa 6 ni 270, taa ya wazazi ni 180, simu ni 60, mashine ni 90. Jumla ni wati-saa 600 kwa siku.

Hatua ya pili: paneli

Jua huangaza tangu asubuhi mpaka jioni, lakini si saa zote lina nguvu kamili. Kwa mahesabu ya bonde letu, kiangazi tuweke saa 5 za jua kamili kwa siku, na masika saa 4. Tena, umeme mwingine hupotea njiani kwa joto, vumbi, nyaya na betri. Kati ya kila sehemu 10 tuhesabu kwamba 7 tu ndizo zitakazotufikia.

Paneli za wati 200 kiangazi zitatoa 200 mara 5 mara 0.7, yaani wati-saa 700. Zinatosha. Masika zitatoa 200 mara 4 mara 0.7, yaani 560. Hazitoshi, na pengo dogo la kila siku hujilimbikiza mpaka betri inaishiwa. Mtambo wa namna hii husifiwa mwezi wa Septemba na kuzimika mwezi wa Aprili, wakati barabara zina matope na mgonjwa hawezi kupelekwa Ifakara kwa urahisi. Kwa hiyo tukague kwa saa za masika. Paneli 3 za wati 100 zitatoa 840, na ziada hiyo itajaza betri baada ya siku za mawingu.

Hatua ya tatu: betri

Pendekezo linasema mtambo utafanya kazi siku 3 bila jua, kwa betri 1 ya volti 12 na ampea-saa 100. Zidisha volti kwa ampea-saa: ni wati-saa 1,200. Lakini betri ya risasi na tindikali haifai kutumiwa zaidi ya nusu kila mara, maana huharibika mapema. Tunabaki na 600, yaani siku 1 tu. Siku 3 zinahitaji wati-saa 1,800 za kutumia, hivyo betri yenye jumla ya 3,600. Hizo ni betri 3 za namna ile. Betri za lithiamu huruhusu kutumia sehemu kubwa zaidi, nazo bei yake ni ya juu. Pendekezo lazima litaje aina ya betri, la sivyo hesabu haiwezi kukaguliwa.

Hatua ya nne: fedha

Karatasi ya bei inasema: paneli 2 kwa shilingi 150,000 kila moja, betri 1 kwa 420,000, kidhibiti chaji 90,000, inveta 180,000, taa na nyaya 240,000, ufundi na usafiri 270,000. Jumla iliyoandikwa ni 1,350,000. Sisi tukijumlisha wenyewe tunapata 1,500,000. Tofauti ni 150,000, bei ya paneli moja kamili. Basi fundi alihesabu paneli moja tu. Aulizwe: je, ataleta moja, au atadai nyongeza baadaye? Tofauti inapolingana na bei ya kitu kimoja, tafuta kitu hicho kwanza.

Tukisahihisha yote, tunahitaji paneli 3 na betri 3. Kidhibiti nacho kibadilike: wati 300 gawanya kwa volti 12 ni ampea 25, hivyo kiwe cha ampea 30. Tukikihesabia 140,000, jumla mpya ni 2,540,000. Fedha zikiwa hazitoshi, kamati iseme waziwazi kwamba inachagua siku 2 bila jua. Hapo betri 2 zinatosha, na gharama inapungua 420,000. Hilo ni bora kuliko karatasi inayoahidi siku 3 na kuleta 1.

Baada ya mtambo kufungwa

Hesabu hii ni ya vyombo vilivyoandikwa tu. Mashine ya oksijeni ya wati 350 ikiwashwa mchana na usiku hula wati-saa 8,400, mara 14 ya matumizi yote ya mfano wetu. Jokofu la chanjo nalo liwe na paneli zake peke yake, ili televisheni au simu za majirani zisiharibu chanjo za watoto.

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda na vyombo vikiwa vimezimwa kwa muda, mwenye zamu apime volti za betri ya risasi na kuandika daftarini. Ikiwa 12.7 imejaa; ikiwa 12.2 imebaki nusu. Ikikutwa chini ya hapo asubuhi kadhaa mfululizo, ama kuna chombo kimeongezwa, ama paneli zina vumbi au kivuli cha mti, ama betri imechoka.

Betri zitachoka siku moja. Zikidumu miaka 4, betri 3 za 1,260,000 zinadai akiba ya shilingi 26,250 kila mwezi. Kiasi hicho nacho kiandikwe katika pendekezo, pamoja na jina la cheo cha atakayekitunza.