Pikseli za Uso: Namna ya Kuskani Picha ya Karatasi Itakayoboreshwa Baadaye

Mtu anayetoka Murusagamba, wilayani Ngara, na picha ya zamani ya familia ndani ya bahasha, akitaka iingizwe kwenye kompyuta, mara nyingi huishia steshenari. Picha hulazwa juu ya kioo cha mashine ile ile inayotoa nakala za vyeti, ikaskaniwa kwa mipangilio ya vyeti, kisha ikatumwa kwa WhatsApp kwa ndugu aliye Mwanza au Dar es Salaam ili "aisafishe". Ndugu huyo hupokea faili iliyokwisha kupoteza sehemu kubwa ya picha kabla hajaigusa. Programu ya kuboresha inaweza kung'arisha na kusawazisha kilichorekodiwa. Kile ambacho skana haikukichukua hakipo tena kwenye faili, na programu haina mahali pa kukitoa.

Hasara hii ni nzito zaidi pale ambapo karatasi ndiyo picha pekee iliyobaki. Wapiga picha wa kuzunguka walikuwa wakikusanya oda, wakapeleka mikanda mjini kusafishwa, wakarudi na picha. Negativu zilibaki kwao, na nyingi zimepotea. Kwa familia zilizovuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara mwishoni mwa Aprili 1994, picha iliyosalimika inaweza kuwa moja tu, ndogo, yenye mikunjo. Picha ya namna hiyo yafaa iskaniwe vizuri mara moja, kwa sababu kila mwaka rangi yake inazidi kufifia.

Tuchukue mfano mmoja na kuufuata hadi mwisho: picha ya rangi ya kipaimara, ya miaka ya 1980, yenye ukubwa wa sentimita 9 kwa 13. Watu wasiopungua ishirini wamesimama mbele ya kanisa. Rangi imegeuka kuwa nyekundu-nyekundu. Familia inamtaka bibi aliyesimama mstari wa nyuma, na uso wake kwenye karatasi una upana wa milimita 5.

Swali la kwanza ni kiasi cha dpi, yaani idadi ya pikseli ambazo skana inachukua katika kila inchi ya karatasi. Wengi huchagua kwa kuangalia ukubwa wa picha nzima, na kwa hesabu hiyo 300 huonekana kutosha, maana picha hii itatoka na pikseli kama 1,500 kwa urefu. Lakini hakuna anayetaka kuboresha ukuta wa kanisa. Kinachotakiwa ni uso, kwa hiyo hesabu ianzie usoni. Kwa dpi 200, zinazotumika sana kwa hati, milimita 5 za uso wa bibi zinapata pikseli 39 tu. Kwa 300 zinapata 59, kwa 600 zinapata 118, na kwa 1200 zinapata 236. Uso wenye pikseli 39 una jicho la pikseli chache mno. Kope, mkunjo wa kando ya mdomo na alama ya shavuni vyote vimeyeyuka ndani ya mraba mmoja au miwili.

Je, basi tupandishe hadi mwisho wa kipimo? Hapana, kwa sababu karatasi nayo ina kikomo chake. Picha ya rangi ya ukubwa huu ilikuzwa kutoka kwenye mkanda wa milimita 35, na undani wake wa kweli kwa kawaida hauzidi ule unaoweza kushikwa na dpi 600. Ukipita hapo, pikseli za ziada zinarekodi nyuzi za karatasi na vumbi. Picha ndogo za studio za rangi nyeusi na nyeupe ni tofauti. Zile zilizochapwa kwa kugusanisha negativu kubwa moja kwa moja na karatasi hubeba undani zaidi, na kwa hizo, pamoja na picha za ukubwa wa pasipoti, 1200 ni chaguo la busara.

Kuna jaribio linaloondoa ubishi. Skani eneo la uso peke yake kwa 1200. Tengeneza nakala, ipunguze hadi nusu ya ukubwa wake, kisha ikuze tena ilingane na ile ya kwanza. Ziweke mbili sambamba na utazame ukingo wa jicho au maua ya kitenge. Kama huoni tofauti, karatasi haikuwa na kitu zaidi ya 600. Kama ya kwanza ina mistari ambayo ya pili imeipoteza, baki na 1200. Usidanganywe na namba kubwa kama 9600 au 19200 kwenye orodha ya mipangilio au kwenye boksi la skana. Mara nyingi ni pikseli zilizokisiwa na programu katikati ya zile zilizosomwa kweli na skana. Kipimo cha kuamini ni kile kinachotajwa kuwa cha macho ya skana yenyewe.

Jambo la pili halionekani kwa jicho la haraka, na ndilo linaloharibu kazi nyingi: idadi ya ngazi za mwanga. Katika picha ya kipaimara, rangi iliyofifia zaidi ni samawati-kijani, tabaka ambalo kazi yake ilikuwa kuzuia mwanga mwekundu. Likifa, mwanga mwekundu unarudi kutoka kila mahali, na picha nzima inageuka nyekundu. Kwenye kompyuta hali hiyo inaonekana kwa kufungua histogramu ya chaneli nyekundu: badala ya kuenea kutoka 0 hadi 255, imebanana, tuseme, kati ya 180 na 240. Hapo kuna ngazi 61 tu za kueleza kila kitu, kuanzia nywele hadi shati jeupe.

Mrekebishaji hana njia nyingine ila kuzivuta ngazi hizo 61 zijaze nafasi zote 256. Kama ulivyo mkeka wenye ukindu mchache, ukivutwa unaachia nafasi. Mashavu yanatoka na mabaka yenye mipaka badala ya kivuli kinachopungua polepole, na histogramu inafanana na meno ya kitana. Meno hayo ndiyo dalili kwamba data ilikuwa haba tangu mwanzo.

Dawa yake ni kuskani kwa rangi za biti 48, yaani biti 16 kwa kila chaneli. Katika programu ya skana chaguo hilo huandikwa `48-bit Color`. La kawaida ni `24-bit Color`. Nafasi ile ile iliyokuwa na ngazi 61 sasa inagawanyika mara 256 zaidi. Si ngazi zote hizo ni za kweli, kwa kuwa skana ya bei nafuu ina chenga zake, lakini hata ukiziondoa bado zinabaki mamia, na mamia yanatosha kuvutwa bila mabaka.

Picha nyeusi na nyeupe nayo iskaniwe kwa rangi. Madoa ya njano na kahawia, ya gundi ya albamu au unyevu, yanaonekana sana kwenye chaneli ya bluu na kidogo sana kwenye nyekundu. Mrekebishaji aliyepewa chaneli zote tatu anaweza kuijenga picha kutokana na ile safi zaidi. Ukiskani kwa kijivu, doa na uso vimekwisha kuchanganywa kuwa kitu kimoja.

Tatu, izuie skana isiboreshe chochote yenyewe. Mashine ya steshenari iliyowekwa kwa ajili ya hati inasukuma karatasi iwe nyeupe kabisa na wino uwe mweusi kabisa. Kwa cheti ni sawa. Kwa picha, gauni jeupe la kipaimara linapoteza mikunjo yake, na nyuso nyeusi zilizo kivulini zinaungana na nywele. Chagua `Photo`, kisha zima `Unsharp Mask`, kwani huzungushia kingo mistari ya mwanga ambayo programu ya baadaye itaidhania kuwa sehemu ya uso. Zima pia `Dust Removal`, maana huweza kufuta nukta ya mwanga ndani ya jicho ikidhani ni vumbi. Vumbi lenyewe liondoe kabla, kwa brashi laini kwenye picha na kitambaa laini kwenye kioo. Maji yasiguse picha. Kisha tazama histogramu: mlima wake uanze na kuishia ndani ya fremu. Ukiona umegonga ukuta wa kushoto au wa kulia, kuna undani uliokatwa. Legeza ncha hizo na uskani upya.

Aina ya skana nayo ina neno lake. Skana nyembamba zinazopata umeme kwa waya wa USB, kama Canon LiDE, zinafaa sana mahali ambapo umeme hauaminiki, maana betri ya kompyuta mpakato inatosha kuziendesha. Lakini zinaona vizuri kile tu kilichogusa kioo. Picha iliyojikunja itatoka na ukungu pembeni, na iliyoganda kwenye kioo cha fremu itatoka na ukungu yote. Usiibandue kwa nguvu. Tafuta skana nene ya aina ya CCD, ambayo huona hata kilichoinuka milimita kadhaa, na uskani kupitia kioo hicho hicho.

Hifadhi matokeo kama TIFF. Picha yetu kwa 600 na biti 48 itakuwa na takribani megabaiti 39, na kwa 1200 takribani 157. Flashi ndogo inabeba kadhaa. JPEG ya kawaida haibebi zaidi ya biti 8 kwa chaneli, na inakata picha vipande vya pikseli 8 kwa 8. Uso wa pikseli 59 unakuwa na vipande kama saba tu kwa upana, na mipaka yao huibuka mara unapoongeza ukali. Ikilazimu kutuma kwa WhatsApp, tuma kama `Document`, si kama picha, la sivyo itapunguzwa.

Umuhimu wa pikseli halisi ulionekana wazi mwaka 2020. Programu iitwayo PULSE, iliyotengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, ilipewa picha ya Barack Obama iliyopunguzwa hadi pikseli chache sana. Ilitoa uso mkali na safi wa mwanamume mzungu. Programu za aina hiyo hujaza pengo kwa kufuata nyuso zilizotumika kuzifunza, na pale data inapokuwa haba, uso unaotoka unaweza kuwa wa mtu ambaye hajawahi kuishi. Bibi wa pikseli 39 yuko katika hatari hiyo zaidi kuliko bibi wa pikseli 118.

Hata kwa 118, yapo yasiyorudi. Kama alitikisika wakati wa kupigwa, au kamera haikumlenga sawasawa, ukungu huo umo ndani ya karatasi, na dpi zote duniani zitaurekodi ukungu ule ule kwa uaminifu. Kwa hiyo faili ya TIFF ya kwanza isiguswe kamwe. Kazi ifanyike kwenye nakala, na nakala iliyoboreshwa iandikwe katika jina lake kwamba imeboreshwa, ili wajukuu wakitaka kujua bibi alifananaje wajue ni faili ipi ya kuamini.